Invoisi yangu imerudishwa mara mbili, mhasibu anasema hesabu haziingiani. Nisaidieni kupanga templeti upya

MsanifuUmoja

Hamjambo wadau. Mimi ni msanifu wa michoro, nafanya kazi zangu mwenyewe nikiwa nyumbani hapa Umoja. Nina mteja Westlands ambaye nimemaliza kazi yake wiki tatu zilizopita, na mpaka leo sijalipwa salio. Si kwamba wanakataa kulipa. Depoziti walitoa bila shida. Tatizo ni kwamba invoisi yangu imerudishwa mara mbili na mhasibu wao, na mara zote mbili ameandika sentensi moja tu: "Hesabu haziingiani, tafadhali rekebisha."

Nahisi ni mpangilio ndio unamchanganya. Templeti yangu nimeitengeneza kwenye Google Sheets, juu kuna logo yangu kubwa inayochukua kama robo ya ukurasa, halafu jedwali, halafu jumla, halafu chini kabisa maelezo ya M-Pesa na benki kwa maandishi madogo ya kijivu. Nataka kuipanga upya: jumla ionekane wazi, maelezo ya malipo yasomeke, logo iwe ndogo ila ya heshima. Nafasi ya logo niipe milimita ngapi? Na jumla nizipange vipi?

KijanaWaRongai

Dada, shida yako naiona hata kabla sijaiona invoisi. Kampuni za Westlands zinataka VAT. Ongeza mstari wa VAT 16% chini ya jumla ndogo na watakulipa kesho yake. Mhasibu akiona hakuna VAT anajua hiyo si invoisi kamili.

Kuhusu logo, iweke kulia juu, isizidi upana wa vidole vitatu.

MsanifuUmoja

Mstari wa VAT upo tayari, nimeweka 0.

MhasibuWaNgara

Habari zenu. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la kulipa wauzaji, yaani mimi ndiye niliyekuwa nikizirudisha hizo invoisi. Binti yangu, kabla ya kuzungumzia milimita, tubandikie hapa maandishi ya invoisi yenyewe jinsi yalivyo, kuanzia jedwali hadi mwisho. Ondoa jina la mteja na namba zako zote. "Hesabu haziingiani" kwa lugha ya mhasibu haimaanishi kwamba invoisi ni mbaya kuitazama. Inamaanisha kuna tarakimu mbili alizozilinganisha na hazikuwa sawa.

Na wewe kijana wa Rongai, pole pole kidogo. VAT anatoza aliyesajiliwa kwa VAT. Kusajiliwa ni lazima mauzo yanayotozwa kodi hiyo yakifika milioni 5 kwa mwaka. Kama huyu dada hajasajiliwa na akamwongezea mteja 16%, anakusanya kodi asiyoruhusiwa kuikusanya. Huo mstari wenye 0 nao autoe kabisa. Sifuri kwenye VAT ina maana yake: kuna bidhaa na huduma zinazotozwa kwa asilimia sifuri, na hilo si jambo moja na kutosajiliwa. Mhasibu akiiona 0 anabaki anajiuliza ni ipi kati ya hizo mbili.

MsanifuUmoja

Asante baba. Sijasajiliwa VAT, mauzo yangu hayajakaribia huko. Hii hapa, vile ilivyo. Safu zote nimezipanga katikati ili ukurasa uonekane nadhifu.

```
Kazi                        Idadi    Bei       Kiasi
Kuunda nembo mpya             1     35,000    35,000
Kijitabu, kurasa 12          12      2,500    30,000
Mabango ya mtandaoni          6      1,500     9,000
Marekebisho ya ziada                         4,500/=

Jumla ndogo                                   74,000
VAT                                                0
Jumla                                         74,000
Depoziti                                      28,500
Jumla kuu                                     45,500
```

KibodiKimya

Dada, jumlisha tena kwa mkono. 35 na 30 ni 65, na 9 ni 74, na 4 na nusu ni 78,500. Invoisi yako inasema 74,000. Yale marekebisho ya ziada hayamo kwenye jumla.

MsanifuUmoja

Haiwezekani. Jumla si mimi niliyeandika, ni fomula. `=SUM(E12:E15)` na huo mstari wa marekebisho ni wa 15. Nimekagua tena sasa hivi.

KibodiKimya

Fomula haina kosa, masafa ya E12 hadi E15 yako sawa. Kosa liko kwenye hiyo `/=`.

Sisi tumezoea kuandika bei hivyo kwenye karatasi, tangu dukani hadi kwenye kadi za michango. Lakini ukiandika `4,500/=` ndani ya seli, Sheets haioni namba tena, inaona maandishi, sawa na kama ungeandika "ndizi". Na `SUM` ikikutana na maandishi ndani ya masafa yake haikuonyi, inayaruka tu na kuendelea. Ndiyo maana umepata 74,000 safi bila alama yoyote ya hitilafu. Mistari mitatu ya juu ina fomula ya kuzidisha idadi kwa bei, hiyo ya nne ukaiandika kwa mkono kwa sababu haikuwa na idadi, sivyo?

Andika hii mahali popote patupu uone:

```
=COUNT(E12:E15)
```

MsanifuUmoja

Imeniletea 3. Na mistari ni minne. Jamani.

KibodiKimya

Ndiyo hivyo. `COUNT` inahesabu seli zenye namba peke yake.

Na hapa ndipo mpangilio unapoingia, kwa hiyo swali lako la mwanzo halikuwa nje ya mstari. Seli ambayo hujaigusa kwenye upangaji, namba hujisukuma yenyewe kulia na maandishi hubaki kushoto. Ungeiacha safu ya kiasi bila kuipanga, hiyo 4,500/= ingekaa kushoto peke yake huku wenzake wako kulia, na ungeiona siku ile ile. Ulipoweka vyote katikati uliifunika dalili. Kwenye safu ya fedha mimi sigusi kabisa vitufe vya kupanga. Naacha namba ziende kulia zenyewe, halafu naweka umbizo la `#,##0.00` ili desimali zikae chini ya desimali na maelfu chini ya maelfu. Jicho linashuka moja kwa moja, na tofauti kati ya 4,500 na 45,000 inaonekana hata kabla hujasoma.

Neno "KSh" liandike mara moja tu juu ya safu, na mara ya pili kwenye salio la mwisho. Usilirudie kila mstari.

MhasibuWaNgara

Umeeleza vizuri, Kibodi. Sasa niongeze kipande changu, maana 74,000 peke yake haielezi kwa nini ilirudishwa. Mhasibu hajumlishi mistari ya kila invoisi kwa mkono. Alilinganisha na kitu. Binti, invoisi ya eTIMS, ile ya mfumo wa KRA, ulitoa?

MsanifuUmoja

Ndiyo, walinidai hiyo kwanza kabla ya hii yangu. Nilitoa ya kazi nzima siku nilipokabidhi, na pale niliandika 78,500 kwa sababu nilijumlisha kwenye kikokotoo cha simu.

MhasibuWaNgara

Basi tumempata. Ana karatasi mbili za kazi moja: ya eTIMS inasema 78,500, yako inasema 74,000. Tangu 1 Januari 2024, gharama ambayo haina invoisi ya eTIMS kampuni haiwezi kuikata kwenye hesabu ya kodi yake, isipokuwa zile zilizosamehewa. Kwa hiyo kwake yeye karatasi kuu ni ile ya KRA, hii yako nzuri yenye logo ni ya kumweleza kazi ilikuwa nini na fedha azitume wapi. Zikipishana hata kwa shilingi, halipi, na ana haki.

Kwa sababu hiyo, kwenye templeti yako mpya weka mstari juu, karibu na namba ya invoisi yako: "Namba ya invoisi ya eTIMS". Ujaze kila mara. Mwenye kukagua azione namba mbili zikiwa jirani.

Lakini bado kuna kosa la pili, na hili si la fomula. Depoziti umeandika 28,500. Walikubali kutoa ngapi?

MsanifuUmoja

Tulikubaliana 30,000. Iliyoingia benki ilikuwa 28,500. Niliona ni sawa kuandika kile nilichopokea kweli.

PichaZaHarusi

Mimi wateja wangu wananikatia hivyo hivyo! Bwana harusi anakubali 60,000, siku ya mwisho anatuma 55,000 anasema bajeti imeisha. Mimi siku hizi kwenye invoisi naandika kwa maandishi mekundu kwamba picha hazitoki mpaka salio liishe. Dada usiwaachie hiyo 1,500.

MhasibuWaNgara

Ndugu yangu wa picha, yako ni kupunguziwa bei. Ya huyu ni tofauti. 1,500 ni 5% kamili ya 30,000. Hiyo ni kodi ya zuio. Kampuni ikimlipa mkazi wa Kenya ada ya kitaalamu ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, inakata 5% na kuipeleka KRA kwa PIN ya aliyelipwa. Fedha hiyo haijapotea wala mteja hajaifaidi. Binti, ingia iTax utafute cheti cha zuio cha mwezi ule. Ukiwasilisha ritani ya mwaka, hiyo 1,500 inahesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa.

Sasa tazama kinachotokea ukiandika depoziti ya 28,500. Salio linapanda kwa 1,500, maana yake unamdai mteja tena fedha ambayo ameshaitoa kwa niaba yako. Kwa vitabu vyake yeye amekulipa 30,000: 28,500 kwako na 1,500 KRA. Kwa hiyo depoziti inaandikwa 30,000.

Tukiweka sawa yote mawili, kazi ni 78,500, depoziti 30,000, salio 48,500. Kwenye salio hilo atakata tena 5%, yaani 2,425, na utakachopokea ni 46,075. Jihakikishie: 1,500 na 2,425 ni 3,925, na 5% ya 78,500 ni 3,925 hiyo hiyo. Ikitoka hivyo ujue hakuna kilichovuja.

MsanifuUmoja

Nimekiona cheti kwenye iTax. 1,500, na jina langu lipo. Sikujua kabisa kipo hapo.

Kumbe salio langu la 45,500 lilikuwa na makosa mawili yanayovutana, moja limenipunguzia 4,500 na lingine limeniongezea 1,500. Sasa nielewe templeti: hizo "Jumla ndogo", "Jumla" na "Jumla kuu" nizifanyeje?

MhasibuWaNgara

Zibaki tatu, na kila moja iwe na jina linalosema ni nini. Neno "jumla" litumike mara moja. Mtu anayelipa ana invoisi arobaini mbele yake, anatafuta tarakimu moja tu ya kuingiza kwenye mfumo wa benki. Akikuta "Jumla" tatu zenye wino mzito ule ule, atachukua iliyo karibu na jicho lake. Nimeona mtu akilipwa kazi nzima mara ya pili juu ya depoziti, na kurudisha fedha ile kulichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

```
Jumla ya kazi                     78,500.00
Depoziti iliyopokelewa           -30,000.00
-------------------------------------------
SALIO LA KULIPA             KSh   48,500.00
```

Mstari wa salio uwe na herufi kubwa kuliko zote kwenye ukurasa ukiacha neno INVOISI. Hizo mbili za juu ziwe za kawaida. Chini ya salio, papo hapo, tarehe ya mwisho ya kulipa, na mwezi uandikwe kwa maneno. "05/06" kwa mwingine ni Juni, kwa mwingine ni Mei.

KibodiKimya

Fomula za hapo, nikichukulia kazi zinaanza mstari wa 12. Acha mstari wa 16 uwe mtupu na mwembamba, ila uwe ndani ya `SUM`:

```
E12  =IF(OR(C12="",D12=""),"",C12*D12)
E17  =SUM(E12:E16)
E18  -30000
E19  =E17+E18
F17  =IF(COUNT(E12:E16)=COUNTA(B12:B16),"","KAGUA")
```

Ya E12 unaiburuta hadi E15. Huo mstari mwembamba una kazi yake. Ukitaka kuongeza kazi ya tano utaingiza mstari juu yake, na kwa kuwa uko katikati ya masafa, `SUM` itajinyoosha yenyewe. Ungeongeza chini ya mstari wa mwisho uliomo kwenye fomula, kazi mpya ingebaki nje na usingejua.

F17 inalinganisha idadi ya kazi zenye majina kwenye safu B na idadi ya namba kwenye safu E. Siku ukisahau ukaandika tena `/=`, neno KAGUA litatokea pembeni. Safu F iache nje ya eneo la kuchapisha. Na yale marekebisho ya ziada, yape idadi 1 na bei 4500, yapite kwenye fomula kama wengine. Usiandike kiasi kwa mkono kamwe.

KijanaWaRongai

Nimejifunza kuhusu VAT, asante mzee. Lakini hapa kwenye kodi ya zuio naona tumuongezee mstari wa nne: "Utakachopokea baada ya kodi 46,075". Mhasibu asipate kazi ya kuhesabu.

MhasibuWaNgara

Mimi siungi mkono. Invoisi inasema unachodai, na unachodai ni 48,500. Kukata ni wajibu wa mlipaji, si punguzo unalompa. Na templeti ni moja kwa wateja wote: kesho utampelekea mtu binafsi asiyekata chochote, naye atakulipa 46,075 kwa sababu wewe mwenyewe umeiandika.

MamaTafsiri

Mzee nakuheshimu, ila mimi ninao huo mstari na umenisaidia. Natafsiri nyaraka kwa mashirika kadhaa, na mawili kati yao yalikuwa yakisahau kukata, halafu miezi miwili baadaye yananitaka nirudishe. Tangu niweke kijistari chini ya salio, kwa herufi ndogo, "5% ya zuio ni kiasi fulani", hawajasahau tena. Tarakimu ya kutuma siiandiki, naandika kodi tu.

MhasibuWaNgara

Kwa mashirika unayoyajua, sawa. Kwenye templeti ya kila mtu bado nasema hapana.

MamaTafsiri

Basi tukubaliane kutokubaliana hapo. Nije kwenye maelezo ya malipo, maana hapo ndipo mimi niliumia.

Nilikuwa na kichwa cha barua kizuri nilichochorewa, picha moja yenye logo, jina, simu na namba ya akaunti ya benki, vyote ndani ya picha. Mteja mmoja aliipokea PDF, na kwa kuwa namba ilikuwa sehemu ya picha hakuweza kuinakili. Akaiandika kwa kuangalia, 8 ikawa 3. Fedha ilikataa kuingia ikarudi kwake, lakini ilirudi baada ya siku nyingi na mimi kodi ya nyumba ilikuwa inangoja. Tangu siku hiyo namba zote ni maandishi ya kawaida. Kabla ya kutuma nafungua PDF kwenye simu, naibonyeza namba ya akaunti kwa muda, nainakili, naibandika kwenye ujumbe, nalinganisha na kadi yangu ya benki. Ikigoma kunakilika, situmi.

Jambo la pili, jina. Juu nina jina la kibiashara, lakini akaunti iko kwa majina yangu matatu ya kitambulisho. Mhasibu akiona majina mawili tofauti anasimama. Kwa hiyo ndani ya kisanduku cha malipo naandika jina la akaunti herufi kwa herufi jinsi benki inavyolijua.

MhasibuWaNgara

Hapo Mama amesema kweli tupu. Jina hilo la kitambulisho na PIN ya KRA viwe pia juu, chini ya logo, kwa sababu zuio linapelekwa kwa PIN. Herufi moja ikikosewa cheti kinaenda kwa mtu mwingine. Kisanduku cha malipo kikae mara tu baada ya salio, kabla ya shukrani na masharti. Mtu akishaona kiasi, jicho linalofuata linauliza "wapi?".

MsanifuUmoja

Nilikuwa nimeweka benki mbili, Till, na namba yangu ya kutumiwa. Nibakize ngapi?

MamaTafsiri

Mimi nimebakiza mbili, benki kwanza kisha M-Pesa. Kampuni zinapenda benki. Na M-Pesa ina kikomo cha 250,000 kwa muamala mmoja, ila kwa kiasi chako hilo si tatizo. Juu ya zote nimeandika: "Kumbukumbu ya malipo:" kisha namba ya invoisi. Ukiwa na wateja watatu waliolipa siku moja, hiyo ndiyo itakuambia nani kalipa nini.

PichaZaHarusi

Till ikikataa? Mimi wakati mwingine mtandao unasumbua, bibi harusi anataka kulipa pale pale ukumbini.

MamaTafsiri

Ndugu, wako wanalipa wakiwa wamesimama mbele yako. Huyu analipwa na ofisi, kwa tarehe maalum. Wewe weka M-Pesa kwanza, hata peke yake.

KibodiKimya

Logo sasa, maana ndiyo iliyotuleta. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Mimi natenga sanduku la 40 kwa 18, kushoto juu, na logo yoyote inaingia humo bila kuvutwa: ikiwa ndefu itajaa upana, ikiwa ya mraba itajaa urefu na kuacha nafasi pembeni. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, milimita 40 ni kama pikseli 472. Weka faili yenye pikseli 950 upate akiba.

Kwenye Sheets unganisha seli chache pale juu, kisha chagua `Insert`, `Image`, `Insert image in cell`. Ikiwa ndani ya seli inajipima yenyewe kwa ukubwa wa seli na uwiano wake haubadiliki. Ile ya juu ya seli ndiyo huteleza na kufunika maandishi unapobadilisha urefu wa mistari.

Usichukue logo iliyopita WhatsApp kama picha, itakuja imebanwa na kingo zina ukungu. Wewe ni msanifu, toa PNG moja kwa moja kutoka kwenye faili lako la asili.

MsanifuUmoja

Logo yangu ni ya njano ya haradali kwenye mandharinyuma angavu. Kwenye skrini inapendeza.

MhasibuWaNgara

Printa ya ofisi ya hesabu mara nyingi ni ya nyeusi na nyeupe. Njano ile itatoka kama kivuli, na yale maandishi yako ya kijivu ya benki yatatoka hafifu zaidi. Nenda saiba iliyo karibu, chapisha nakala moja nyeusi na nyeupe, iweke mezani, usimame. Kama huwezi kusoma salio na namba ya akaunti ukiwa wima, ongeza wino.

MsanifuUmoja

Nimerudi. Nimechapisha matoleo mawili. La kwanza logo ilipotea kabisa kama mlivyosema, ikabaki doa. Nimetengeneza nembo hiyo hiyo kwa rangi moja nyeusi kwa ajili ya invoisi tu, milimita 36 kwa 18, na ya njano nimeiacha kwa tovuti. Robo ya ukurasa niliyookoa imetosha kisanduku cha malipo kwa herufi za pointi 11. Salio nimeliandika kwa pointi 16.

Kwenye jedwali nimeacha namba ziende kulia zenyewe. Nimejaribu kuandika `/=` makusudi na KAGUA imetokea. Nimetuma asubuhi hii ikiwa na namba ya eTIMS juu, nimebadilisha pia namba ya invoisi kwa kuongeza herufi B mwishoni ili asichanganye na zile alizorudisha.

MhasibuWaNgara

Hiyo B sawa, mradi uandike pia "Inachukua nafasi ya" na namba ya ile ya kwanza. Vinginevyo ataona deni mbili.

KijanaWaRongai

Swali la upande: depoziti ilipotolewa, si ilifaa itolewe eTIMS ya 30,000 siku hiyo, halafu ya 48,500 mwishoni? Mimi natoa mbili kila kazi.

MamaTafsiri

Mimi natoa moja mwishoni kama huyu, na sijawahi kurudishiwa.

MhasibuWaNgara

Ofisini kwetu tulipendelea mbili, kila malipo na karatasi yake, hasa kazi ikivuka mwezi au mwaka wa hesabu. Lakini wateja wanatofautiana, muulize mhasibu wake kabla ya kupokea depoziti. Ikiwa ni mbili, basi templeti ya salio itahitaji nafasi ya namba mbili za eTIMS.

MsanifuUmoja

Nimeongeza mstari wa pili wa eTIMS, utabaki mtupu nikitoa moja.

Na mhasibu amejibu sasa hivi. Ameandika: "Imepokelewa, inaingia malipo ya Ijumaa." Nitarudi Ijumaa kuwaambia kama ni 46,075.

MsanifuUmoja

Ni 46,075.